Mafunzo ya Wauguzi: Kupima Faida Inayochelewa Kuonekana

Hospitali inapogharimia mafunzo ya wauguzi wake, fedha hutoka mara moja, ilhali faida huja kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo hesabu nyingi hupotoka. Faida ya mwaka wa kwanza huzidishwa kwa idadi ya miaka, kana kwamba wote waliofundishwa watabaki kazini, na kana kwamba shilingi ya mwaka wa nne ina thamani sawa na ya leo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wodi ya watoto wachanga yenye wauguzi 20. Mafunzo yao yanagharimu shilingi milioni 30. Humo mna malipo ya wakufunzi, posho, vifaa, na malipo ya wauguzi wanaoshika zamu za wenzao walio darasani. Gharama hii ya mwisho husahauliwa mara nyingi, ingawa huweza kuwa kubwa.

Faida zinazohesabiwa ni mbili. Kwanza, kazi inafanyika vizuri zaidi bila kurudiwa, hata malipo ya saa za ziada yanapungua kwa shilingi 400,000 kwa mwaka kwa kila muuguzi aliyefundishwa. Pili, wanaoacha kazi wanapungua kutoka asilimia 25 kwa mwaka hadi asilimia 15. Ikiwa kumpata mbadala mmoja hugharimu shilingi milioni 2.5, kuanzia tangazo na usaili hadi miezi ambayo mgeni bado anajifunza kazi, basi upungufu huo ni sawa na shilingi 250,000 kwa kila muuguzi. Jumla ni shilingi 650,000 kwa mwaka.

Mwenye haraka atasema: wauguzi 20 wanaleta milioni 13 kwa mwaka, hivyo miaka minne ni milioni 52, na faida halisi ni milioni 22. Lakini wauguzi huondoka na ujuzi wao, na wanaoingia badala yao hawajafundishwa. Kwa kiwango cha asilimia 15, waliofundishwa wanaokuwapo mwanzoni mwa kila mwaka ni takriban 20, 17, 14 na 12. Faida basi inakuwa milioni 13, 11.05, 9.1 na 7.8.

Hatua inayofuata ni kurudisha kila kiasi katika thamani ya leo. Tukitumia kiwango cha asilimia 12, faida ya mwaka wa kwanza inagawanywa kwa 1.12 mara moja, ya mwaka wa pili mara mbili, na kuendelea. Tunapata takriban milioni 11.6, 8.8, 6.5 na 5.0, yaani milioni 31.9. Faida halisi si milioni 22 tena, bali ni takriban milioni 1.9.

Kwa kuwa kinachobaki ni kidogo, ni lazima tuulize kama mafunzo ndiyo yaliyowabakiza watu kazini. Katika wodi ya watu 20, kushuka kutoka asilimia 25 hadi 15 ni tofauti ya wauguzi wawili tu, nayo yaweza kuwa bahati. Kwa hiyo tunahitaji kumbukumbu za miaka kadhaa kabla ya mafunzo, pamoja na wodi nyingine inayofanana ambayo haikufundishwa. Tuseme katika wodi hiyo walioacha kazi nao walipungua, kutoka asilimia 25 hadi 20, kwa sababu mishahara ilipanda. Basi nusu tu ya upungufu wetu yaweza kuhesabiwa kuwa tunda la mafunzo. Faida ya kila muuguzi inashuka hadi shilingi 525,000, thamani ya leo inakuwa takriban milioni 25.7, na mpango unaleta hasara ya milioni 4.3.

Ufanisi nao haupimwi kwa alama za mtihani. Katika Hospitali ya Haydom nchini Tanzania, mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliboresha utendaji wa watumishi katika mazoezi ya mwanasesere, lakini utendaji wao katika chumba cha kuzalia haukubadilika vivyo hivyo. Baadaye mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini yalileta mabadiliko. Kwa hiyo kipimo kichukuliwe wodini, miezi kadhaa baada ya mafunzo, kutoka katika daftari la zamu na la malipo.

Hasara hiyo ya milioni 4.3 haimaanishi kwamba mpango uachwe. Maisha ya watoto waliookolewa hayamo katika hesabu hii, wala hayafai kufichwa ndani yake. Yaandikwe kando, kwa idadi yao. Hapo uongozi utaweza kuuliza swali lililo sahihi: je, tuko tayari kulipa milioni 4.3 kwa ajili ya watoto hao?