Rejesho lako linapunguza deni kiasi gani?

Kijana mmoja wa nyanya kaniletea jedwali la marejesho ya mkopo wa pampu: shilingi 3,000,000, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kila mwezi analipa 283,679. "Bwana shamba, nimeshalipa mara moja, si nimebakiza 2,716,321?"

Hapana. Tukapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza. Riba ni asilimia 2 ya salio, yaani 60,000. Itoe kwenye rejesho, inabaki 223,679. Hiyo tu ndiyo iliyopunguza deni, kwa hiyo bado anadaiwa 2,776,321. Mwezi wa pili riba inapigwa kwenye salio hilo, inakuwa 55,526, na deni linashuka kwa 228,153. Rejesho ni lile lile, mgawo ndio unaohama.

Wewe nawe angalia safu ya riba. Ikisomeka 60,000 toka mwanzo hadi mwezi wa 12, basi wanaipiga kwenye mkopo wote hata ukishalipa nusu. Jumla ya riba inafika 720,000 badala ya kama 404,000. Yake inashuka, nashukuru.

Anataka kufunga mkopo mapema akishavuna. Nimemwambia asome safu ya salio la mwezi huo, asizidishe marejesho yaliyobaki, maana humo kuna riba ambayo haijafika bado. Na aulize kwanza kama kuna faini ya kulipa mapema.