Kumuaga Mwenye Nyumba kwa Barua

Mpangaji anayehama hupeleka notisi kwanza. Hiyo hutaja tarehe ya kuondoka na hutolewa mapema kama mkataba unavyosema, mara nyingi mwezi mmoja kabla. Barua ya kuaga ni kitu kingine, na hakuna mkataba unaoidai. Ukizichanganya, shukrani iliyokaa karibu na madai ya kodi iliyobaki husomeka kama ubembelezi.

Kwa hiyo maliza mambo ya fedha kwanza, ana kwa ana. Dar es Salaam, ambako wengi hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, anayeondoka katikati huwa na miezi yake ndani. Kubalianeni kuhusu hiyo, bili ya maji na umeme. Hapo ndipo barua itakapokuwa ya kuaga tu.

Tuseme mama mmoja anahama chumba cha uani huko Temeke. Anaandika:

“Shikamoo mama. Jumamosi tunahamia Chanika. Mwaka ule mume wangu aliposimama kazi, ulituvumilia, wala hukutusema mbele ya wenzetu. Kodi ya jengo iliyokuwa ikikatwa kwenye Luku ulikuwa ukiturudishia bila kudaiwa. Watoto wamezoea kukuita bibi, na wataendelea. Matundu ya misumari nimeyaziba na kupaka rangi. Funguo zote mbili nitakukabidhi mwenyewe. Pale tulipokukwaza, utusamehe. Wapangaji wako wa uani.”

Barua hii haisemi “asante kwa wema wako wote”, maneno ambayo angeweza kuandikiwa mtu yeyote. Inataja mambo mawili yaliyotendeka. Hilo la Luku si dogo: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na kwa kuwa anayenunua ni mpangaji, hubeba mzigo wa mwenye nyumba asipofidiwa.

Tazama pia kilichoachwa. Mama huyu aliruhusiwa kulipa mwezi mmoja mmoja wakati wengine walidaiwa miezi sita, lakini ameandika “ulituvumilia” tu. Katika nyumba ya vyumba vingi barua haikai siri. Mwenye nyumba ambaye macho yamechoka humwita mjukuu amsomee, na mjukuu husoma kwa sauti ukumbini. Wapangaji wakisikia mwenzao alipunguziwa, kesho watagonga mlango wakitaka nao wapunguziwe, na fadhila itageuka ugomvi kwa aliyeitoa. Fadhila ya namna hiyo ishukuru kwa mdomo, mkiwa wawili.

Ipeleke kwa mkono jioni ya kuamkia siku ya kuhama, kabla gari halijaja na chumba kikiwa kimeshadekiwa. Usiisukume chini ya mlango. Kwa mtu mzima, kuondoka bila kumwamkia ni dharau ambayo barua haiwezi kuifuta. Na kama bado mnabishania fedha, iahirishe hadi muelewane.