Ng'ombe wa Maziwa Baada ya Kuzaa (3): Anapokataa Pumba

Sehemu mbili zilizopita zilihusu kondo la nyuma lililokwama na homa ya maziwa. Hayo hujitokeza ndani ya saa au siku chache baada ya kuzaa, mfugaji akiwa bado anamkodolea macho ng'ombe wake. Ugonjwa wa leo, ketosisi, hungoja mpaka ameshusha pumzi. Kwa kawaida huja kati ya wiki ya kwanza na ya sita, ndama amechangamka na maziwa yanapanda, na huwapata zaidi ng'ombe wanaokamuliwa kwa wingi.

Tuchukue mfano wa zizi moja la Rungwe. Ng'ombe ni Frisiani wa uzao wa tatu, ana siku 16 tangu azae. Wiki iliyopita alifika lita 24 kwa siku. Juzi alitoa 21, jana 18, leo 15. Asubuhi alinusa pumba na mashudu akageuza kichwa, lakini matete aliyowekewa anayatafuna, polepole. Kinyesi chake ni kigumu na kina utelezi unaong'aa juu. Amekonda mgongoni kwa kasi isiyo ya kawaida. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 38.6, yaani hana homa.

Mpangilio huo wa dalili ndio wa kukaririwa. Ng'ombe mwenye homa ya kupe au kiwele kilichovimba huacha kila kitu na mwili humchemka. Wa ketosisi hukataa kwanza chakula chenye nguvu, ambacho ndicho anachokihitaji kuliko vyote, na bado huchagua majani. Pumzi yake, mkojo na hata maziwa huweza kunukia asetoni, harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Wapo watu wasioweza kabisa kuinusa harufu hiyo, kwa hiyo usiseme ng'ombe hana ugonjwa huu kwa sababu tu pua yako haikushika kitu.

Kwa nini haya yanampata? Sukari ya maziwa hutengenezwa kwa glukosi ya damu, na kila lita moja humgharimu ng'ombe takriban gramu 70. Kwa lita 24 ni zaidi ya kilo moja na nusu ya glukosi kila siku. Lakini ng'ombe hapati glukosi moja kwa moja kutoka kwenye majani. Vijidudu vya tumbo kuu huchachusha chakula, nalo ini huigeuza sehemu ya mazao ya uchachu huo, hasa asidi ya propioni, kuwa glukosi. Chakula kikipungua, malighafi ya ini hupungua pia, huku kiwele kikiendelea kudai. Mwili basi huyeyusha mafuta yake. Mafuta hayo yakifika kwenye ini kwa wingi kupita uwezo wake, ini huyageuza kuwa ketoni, asetoni ikiwamo. Ketoni zikijaa katika damu hamu ya kula hushuka zaidi, na ng'ombe anayekula kidogo huyeyusha mafuta mengi zaidi.

Kila ng'ombe mwenye maziwa mengi hupungukiwa kiasi katika wiki hizo, kwa sababu maziwa hufika kileleni kabla ya hamu ya kula. Kinachomsukuma mmoja mpaka akaugua ni yale aliyolishwa, na hapo inabidi kurudi nyuma mpaka siku alipokaushwa. Huyu wa Rungwe alikaushwa akiwa mnene, mikunjo ya mafuta imezunguka shina la mkia, akaendelea kunenepeshwa. Wengi huuona unene huo kama akiba. Kumbe ng'ombe mnene hula kidogo zaidi anapokaribia kuzaa, na mafuta yake hulijaa ini mapema. Anapokaushwa, mbavu zake zapaswa kuhisika ukizibonyeza kidogo kwa vidole, na abaki hivyo hadi azae. Kumkondesha wakati huo pia ni hatari.

Kosa la pili liko kwenye majani yenyewe. Matete mabichi hujaza tumbo kwa maji: katika kilo 60, karibu 50 zaweza kuwa maji. Vigogo vya migomba, vinavyotumika sana Rungwe na Kilimanjaro, vina maji mengi kuliko hayo. Matete yakiachwa yapite urefu wa mtu huwa mashina matupu. Yakate yakiwa na takriban mita moja, yaache yanyauke kwa saa kadhaa, na migomba iwe nyongeza tu. Saileji yenye harufu ya siagi iliyochacha usimpe ng'ombe aliyezaa karibuni, kwani asidi iliyomo hugeuka ketoni moja kwa moja.

Pumba nazo zinataka utaratibu. Anza na kilo moja wiki tatu kabla ya kuzaa, upandishe taratibu hadi kama kilo tatu, ili vijidudu vya tumboni vizoee. Baada ya kuzaa ongeza nusu kilo kila baada ya siku mbili. Ukimrundikia kilo nane kwa mkupuo, tumbo huchachuka, ataacha kula, na ketosisi itafuata.

Sasa tiba. Kabla ya kutoa dawa, thibitisha. Vijiti vya kupimia ketoni katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari hupatikana katika maduka ya dawa, na vinafaa kwa ng'ombe pia. Msugue taratibu chini ya uke mpaka akojoe, kinga mkojo, chovya. Rangi hafifu huweza kuonekana hata kwa ng'ombe mzima. Zambarau iliyokolea pamoja na dalili tulizotaja inatosha.

Dawa ya msingi ni propilini glaikoli, mililita 300 kwa mdomo mara moja kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Ini huigeuza kuwa glukosi. Mnyweshe polepole, pua isipande juu ya jicho, na akikohoa mwachie kichwa mara moja, kwa kuwa dawa ikiingia mapafuni yaweza kumuua. Daktari wa mifugo anaweza kumpa mililita 500 za dekstrozi ya asilimia 50 kupitia mshipa. Huchangamka haraka, lakini nafuu hiyo ni ya saa chache, hivyo dozi za mdomo lazima ziendelee.

Sukari ya dukani, soda na molasi, ambavyo wafugaji hukimbilia, havitibu. Vijidudu vya tumbo huvichachusha kabla havijafika kwenye damu, na kwa wingi vitamchachusha tumbo.

Wapo wanaougua kwa namna ya kutisha: hulamba ukuta bila kukoma, hutafuna bomba, huzunguka, husukuma kichwa ukutani, hata hushambulia. Kichaa cha mbwa hufanana na hali hiyo, na katika nchi zetu kipo. Usitie mkono kinywani mwa ng'ombe wa namna hiyo, wala usimnyweshe chochote, mpaka daktari amwone.

Ng'ombe wetu wa mfano alipewa dekstrozi siku ya kwanza na propilini glaikoli kwa siku tano, akawekewa hei nzuri na pumba kidogokidogo mara nne kwa siku. Siku ya tatu alizigusa pumba. Asiyeonyesha nafuu kufikia siku hiyo, au anayerudia hali ileile baada ya dozi ya mwisho, ana jambo lingine nyuma ya ketosisi: usaha katika kizazi, kiwele kilichovimba, au tumbo la nne lililohamia kushoto. Hilo la mwisho daktari hulitambua kwa kugongagonga mbavu za kushoto akisikiliza mlio wa kengele, na huhitaji kurudishwa mahali pake, mara nyingi kwa upasuaji.