Barua Inayopitia kwa Bosi

Anayeacha kazi huandika mistari mitatu, akatia saini, akaenda zake. Anayeomba kuhama idara hana raha hiyo. Atabaki kwenye jengo lilelile, atapanda lifti ileile, na yule anayetaka kumwacha watakutana kantini kesho saa saba. Nimekaa dawati la rasilimali watu miaka kumi na moja, katika kampuni ya bima hapa Dar es Salaam, na barua za namna hii ndizo huletwa kwangu zikiwa zimekunjwa mara nne, kama vile mwenyewe alikuwa bado hajaamua kuzitoa mfukoni.

Ugumu wote umo kwenye herufi mbili zinazokaa juu ya barua: K.K., yaani kupitia kwa. Barua inamwendea mkuu wa rasilimali watu, lakini njiani inasimama kwa meneja wako, aandike maoni yake chini na kutia saini. Wengi hudhani kwamba kuipitisha hapo ndiko kumwarifu. Wanaiacha mezani bosi akiwa kwenye kikao, kisha wanaingia mitini. Akirudi anakuta habari ya mtu wake imeshaandikwa, imechapwa, na pengine mhudumu aliyeichapa ameshaisoma. Hapo hata bosi mpole hukasirika.

Mwaka juzi alikuja kwangu dada mmoja wa huduma kwa wateja. Alikuwa na miaka minne kaunta. Jumatatu hiyo tulikuwa tumetoa tangazo la ndani: idara ya madai inatafuta afisa, mwisho wa maombi ni baada ya siku kumi. Nilimwangalizia masharti yetu: awe amemaliza mwaka mmoja kwenye nafasi aliyonayo, asiwe na barua ya onyo ambayo muda wake haujaisha, na tathmini yake ya mwisho isiwe chini ya wastani. Yote alikuwa nayo. Akaniuliza swali ambalo wengi hawaulizi: je, nafasi iko wazi kweli? Ni swali la msingi, kwa sababu yapo matangazo yanayotolewa ili kutimiza utaratibu tu. Ukiona kuna mtu amekaimu kiti hicho miezi minane na kila mtu anamwita mkuu, pima vizuri kama inafaa kumshtua bosi wako kwa ajili yake. Kwa madai hapakuwa na kaimu.

Nilimshauri aende kwa meneja wake kabla ya kuandika chochote, na achague saa. Jumatatu foleni ya wateja hufika mlangoni, na mwisho wa mwezi kuna ripoti. Alikwenda Jumatano mchana. Alinisimulia baadaye.

"Bosi, nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nataka kuomba ile nafasi ya madai."

Meneja alikaa kimya, akazungusha kalamu. "Nimekukosea nini?"

Swali hilo huulizwa karibu kila mara, na ni mtego hata pale muulizaji asipokusudia kutega. Ukianza kuhesabu makosa, mazungumzo ya kuhama yanageuka kesi, na wewe huna cha kushinda kwenye kesi hiyo. Yeye alijibu: "Hapana, bosi. Miaka minne napokea watu wanaolalamikia madai yaliyochelewa. Nataka nikakae huko yanakochelewea."

Kinachowauma mameneja kwa kawaida ni hesabu. Kaunta ya watu saba inabaki na sita, lakini wateja hawapungui na malengo ya mwezi hayashushwi. Kujaza pengo kunahitaji kibali, na kibali kwetu hakijawahi kutoka chini ya miezi miwili. Kwa hiyo bosi anaponuna, huenda akili yake imeshafika kwenye foleni ya Jumatatu. Dada yule alikuwa na karatasi mkononi: malalamiko 23 aliyokuwa hajayafunga, kila moja limefikia wapi na nani anasubiriwa, majina ya wenzake wawili walioijua zamu yake, na wiki nne za makabidhiano. Meneja aliisoma karatasi hiyo mara mbili. Hakusema ndiyo, ila aliacha kuzungusha kalamu.

Kesho yake akaja na ahadi. Subiri Julai, bajeti mpya ikitoka nitakupandisha uwe supavaiza. Mimi ahadi za aina hii siziiti uongo, maana wengi huzitoa kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba kwetu meneja anaweza kupendekeza tu. Mwenye kupandisha ni mwingine. Dada akashukuru, akaomba kwa adabu pendekezo hilo litumwe kwetu kwa baruapepe kabla dirisha la maombi halijafungwa. Siku zikapita, baruapepe haikuja. Akapeleka barua yake.

Meneja alitia saini na kuandika: "Naunga mkono. Aachiwe hali ikiruhusu." Maneno mawili ya mwisho yana sumu. Hali ya kaunta hairuhusu hata siku moja. Namkumbuka kijana aliyefaulu usaili na kukaa miezi mitano akisubiri hali iruhusu, mpaka idara iliyomtaka ikachoka na kumchukua aliyeshika nafasi ya pili. Basi dada alipofaulu, niliwaita mameneja wote wawili mezani, na hatukuinuka bila tarehe. Wa kaunta alitaka miezi mitatu, wa madai wiki mbili. Tukafunga kwa wiki sita, na baada ya hapo Jumatatu mbili za asubuhi arudi kusaidia kaunta. Yote yakaandikwa.

Wapo mameneja wanaokataa kabisa kutia saini. Huyo usigombane naye. Muulize sababu, kisha leta nakala utumishi igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tarehe hiyo ina kazi. Ikiwa barua ya onyo itakuzukia wiki inayofuata, au tathmini iliyokuwa nzuri miaka mitatu ikaporomoka ghafla, mtu yeyote ataweza kuona kipi kilitangulia. Na ukikosa nafasi, mwambie bosi wako siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, na umwambie unaendelea na zamu. Akisikia kwa wengine, atakuhesabu kama mtu aliyekwisha ondoka.

Kuna karatasi moja ambayo watu huisahau kwa furaha ya kuhama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Idai barua hiyo kabla hujahamisha kikombe chako. Soma cheo, mshahara, saa za kazi na jina la unayeripoti kwake. Uliza pia kama kuna muda wa majaribio kwenye nafasi mpya, na ukishindwa utarudishwa wapi. Miaka yako ya utumishi haianzi upya, kwa sababu mwajiri ni yuleyule. Posho ndiyo huponyoka: dada yetu alibaki na mshahara uleule, lakini posho ya zamu za Jumamosi ilikatika, na alilijua hilo kabla ya kusaini.

Ijumaa yake ya mwisho kaunta, mteja alipiga simu akifoka kuhusu gari lililokaa gereji tangu mwezi uliopita. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akaziba simu kwa kiganja, akamsogezea dada mkonga wake. "Huyu," alisema, "kuanzia Jumatatu ni wako."