IJUE SIMU KWA MGONGO WAKE

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliikumbuka likizo ya Desemba 2024, nilipomsindikiza kaka yangu mjini kununua simu ya mitumba. Pesa zake zilikuwa za mjengo, za miezi minne.

Muuzaji alitutolea simu nyeupe iliyovikwa kava nene. "Hii ni iPhone SE ya 2020, bosi. Nakufanyia bei poa." Kaka akaomba iwashwe. "Betri imeisha moto, lakini ni safi kabisa," akajibu. Basi tukabaki na ganda tu la kututolea ushahidi.

Lazima ujue, msomaji, kwamba iPhone 7 (2016), iPhone 8 (2017) na SE ya 2020 ni kama mapacha. Umbo ni moja. Vitufe vya sauti viko kushoto, cha kuwashia kiko kulia, na kile cha duara kiko chini ya kioo. Kamera ya nyuma ni moja, pembeni juu. Ukiona kamera mbili zimelala sambamba, hiyo ni Plus, yaani 7 Plus au 8 Plus. Kwa hivyo kuhesabu kamera hakutoshi.

Nilianza na kitufe cha duara. Nilikibonyeza, nacho hakikuzama hata kidogo. Katika iPhone 6s na zilizoitangulia, kitufe hicho huzama na kulia "tik" hata simu ikiwa imezimwa. Tangu iPhone 7 hakisogei. Ile "tik" unayoisikia ni mtetemo tu, na simu ikizimwa, mtetemo nao hunyamaza. Chini pia hapakuwa na tundu la waya wa masikioni. Hivyo nikajua ni mmoja wa wale mapacha watatu.

Kisha nikamwomba muuzaji avue kava. Alisitasita, lakini akalivua. Mgongo wa 7 ni wa alumini, na mistari ya antena hupita kwenye kingo za juu na chini. Mgongo wa 8 na wa SE ni wa kioo, na kamera imezungushiwa pete ya chuma. Jihadhari hapa: kuna 7 nyeusi iliyong'arishwa mpaka ikafanana na kioo. Huu wetu ulikuwa kioo kweli.

Zikabaki mbili. Katika 8, nembo ya tofaa iko sehemu ya juu ya mgongo, karibu na kamera. Katika SE ya 2020 iko katikati kabisa. Yetu ilikuwa juu! Nikaigeuza mbele. Uso wa SE ni mweusi daima, hata mgongo ukiwa mweupe au mwekundu. Uso wa simu yetu ulikuwa mweupe pe.

"Kaka, hii ni 8," nikamnong'oneza.

Hata hivyo, mgongo hubadilishwa na mafundi, kwa hivyo nilitaka shahidi wa tatu. Katika iPhone 8 na SE ya 2020, nambari ya modeli imeandikwa ndani ya tundu la laini. Tulichomoa kijisahani cha laini, tukamulika tochi upande unaoelekea kioo cha mbele. Maandishi ni madogo kama chawa, lakini yalisomeka: A1905. Hiyo ni nambari ya iPhone 8. SE ya 2020 ingesema A2275, A2296 au A2298.

Je, mwaka mmoja au mitatu ina maana gani? Ina maana kubwa. Mwaka 2023 ilipotoka iOS 17, iPhone 8 iliachwa nje, lakini SE ya 2020 iliipata. Kadiri miaka inavyopita, programu nyingine hukataa kuingia kwenye mfumo wa zamani. Kaka angelipa bei ya simu changa kwa simu iliyokwisha kustaafu.

Njia hii ina mipaka. SE ya 2020 na ile ya 2022 hazitofautiani kwa sura. Nambari ndiyo huamua, kwa mfano A2783 ni ya 2022. Tena, ganda zima likibadilishwa, nambari ya tundu nayo hudanganya. Ndiyo maana simu ikiwaka, fungua Settings > General > About, ugonge Model Number mpaka ioneshe nambari inayoanza na A. Ikitofautiana na ile ya tundu, simu hiyo imevishwa ngozi ya nyingine.

Muuzaji alipoona tochi yetu, alikumbuka ghafla kwamba chaja ilikuwapo. Tulimshukuru, tukaenda zetu, na pesa za mjengo zikiwa bado mfukoni.