Barua ya Wakili Anayejitoa

Mteja akiacha kulipa, wakili nchini Kenya huandika barua ya kujitoa, na mara nyingi huianza kwa deni. Hapo ndipo barua inapoharibika. Mteja anajua kwamba anadaiwa. Asichokijua ni tarehe zitakazomponza.

Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Mombasa aliyeishtaki benki isipige mnada jengo lake. Zuio la muda lilitolewa 10 Machi 2025. Kwa mujibu wa Amri ya 40 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, zuio hilo hukoma lenyewe kesi isipoamuliwa katika miezi 12, ila mahakama ikiona sababu ya kutosha kuagiza vinginevyo. Kesi itasikilizwa 24 Februari 2026, na wakili anaandika 5 Januari. Basi aya ya kwanza izitaje tarehe hizo, na iseme wazi kwamba maombi ya kurefusha zuio lazima yasikilizwe kabla ya muda kwisha, la sivyo dalali yuko huru. Aya ya pili ieleze kilichokwisha kuwasilishwa na kilichobaki, kwa namna ambayo wakili mpya ataielewa bila kupiga simu. Deni liwekwe mwisho, pamoja na hati ya ada iliyotiwa saini. Hakuna haja ya vitisho: wakili hawezi kushtaki kudai ada kabla ya mwezi mmoja kupita tangu aikabidhi hati hiyo.

Lakini barua yenyewe haimwondoi wakili kesini. Amri ya 9, kanuni ya 13, inamtaka aombe amri ya mahakama na kumpa mteja taarifa, ana kwa ana au kwa posta katika anwani yake ya mwisho inayojulikana. Akishaipata amri, aisajili, awapelekee wahusika wengine nakala, kisha aache mahakamani cheti alichotia saini kwamba amefanya hivyo. Mpaka hapo, bado ni wakili wa mteja huyo, hata kwenye rufaa. Ni ajira ya kudumu, isipokuwa mshahara.

Hati ya kiapo inayounga mkono maombi hayo ya kujitoa ndiyo mtego wa pili. Benki itaisoma. Wakili akieleza kwamba mteja amefilisika, au kwamba hana shahidi wa maana, ameshawafanyia wapinzani kazi yao, tena bure. Inatosha kusema kwamba maelewano kati yake na mteja yamevunjika na hapati maelekezo. Majibizano ya kudaiana ada yabaki ofisini.

Maombi yaingie Januari hiyo hiyo, ili mteja apate nafasi ya kutafuta wakili mwingine. Yakichelewa na amri isipatikane, tarehe 24 Februari wakili atavaa joho na kusimama mahakamani, amelipwa asilipwe.