Video ya Mtoto Isiwe Ramani ya Nyumba Yako

Ramadhani iliyopita kamati yetu ya msikiti iliandaa mashindano ya kusoma Qur'ani kwa watoto wa madrasa. Kwa kuwa ukumbi ni mdogo, hatua ya mwanzo ilifanyika majumbani: mzazi alimrekodi mwanawe kwa simu, kisha akatutumia video. Tulitaka majaji wasikie vyema matamshi ya kila herufi, hivyo tuliwaagiza wazazi wazitume kwa WhatsApp kupitia "Document", njia ambayo haipunguzi ubora. Sisi tukazipakia kama zilivyo katika hifadhi ya mtandaoni, na kiungo chake tukakisambaza katika makundi ya waumini.

Siku ya tatu alitujia mama mmoja pamoja na kijana wake mkubwa. Mama huyu alikuwa amehama mtaa wake wa zamani kwa ajili ya usalama wake, na waliojua makazi yake mapya ni wachache mno. Kijana alifungua video ya mdogo wake aliyoipakua kupitia kiungo chetu, akasukuma skrini kwenda juu kwa kidole. Chini ya video ikajitokeza ramani, na juu ya paa la nyumba yao ikasimama alama.

"Ustadhi," alisema mama yule, "nilipohamia sikumwambia hata jirani yangu wa zamani. Nyinyi mmewaambia watu wote."

Hatukuwa na la kujitetea. Jioni ile tuliziondoa video zote, lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa na watu hatukuweza kuzirudisha. Ndipo tukaketi kujifunza jambo ambalo tulipaswa kulijua kabla, na tunaliandika hapa ili lisimfike mwingine.

Simu inaporekodi video haihifadhi picha na sauti pekee. Ndani ya faili hilo huandika pia tarehe, saa, na mara nyingi aina ya simu. Ikiwa kamera imeruhusiwa kutumia huduma ya mahali, huongeza latitudo na longitudo za pale simu ilipokuwa. Maandishi haya hayaonekani video inapochezwa, ila programu yoyote inayojua kuyasoma itayaona. Tulifanya jaribio kwa kurekodi video fupi katika bustani ya Forodhani, Unguja, kisha tukaisoma kwa kompyuta. Ndani yake tulikuta mstari huu:

```
location : -06.1615+039.1893/
```

Alama ya kutoa ina maana ya kusini mwa ikweta, na ya kujumlisha ina maana ya mashariki. Yaani ni nyuzi 6.1615 kusini na nyuzi 39.1893 mashariki. Tarakimu ya nne baada ya nukta ni sawa na takriban mita 11 ardhini. Ingawa kipimo cha simu huweza kukosea kidogo, hasa ndani ya nyumba au penye vichochoro, mara nyingi kinatosha kumfikisha mtu mlangoni. Nambari hizo ukizinakili katika ramani ya mtandaoni, inakupeleka pale pale.

Je, kila video tunayoituma inakwenda na nambari hizo? La, na hapa ndipo wengi hughafilika. Video iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya, na katika kubanwa huko mahali hufutika. Lakini ikitumwa kama "Document", faili husafiri kama lilivyo, na siri yake ndani. Hali ni hiyo hiyo kwa kiambatisho cha barua pepe na kwa faili linalowekwa katika hifadhi ya mtandaoni. Sisi tulikuwa tumechagua njia mbili zinazohifadhi kila kitu, moja baada ya nyingine.

Mitandao mikubwa kama Facebook na YouTube hutengeneza nakala mpya kwa ajili ya watazamaji, na nakala hiyo haibebi mahali. Hata hivyo, mwenye mtandao amekwisha kupokea faili la asili. Usalama wako basi unategemea uangalifu wake. Mwezi wa Januari 2021, watu walipakua kwa wingi video za mtandao wa Marekani uitwao Parler muda mfupi kabla haujazimwa. Ilibainika kwamba mtandao huo uliziacha video za asili na maandishi yake yote, na muda si mrefu makumi ya maelfu ya nukta za mahali ziliwekwa katika ramani, kila mtu azione.

Kwa hiyo kinga iliyo bora ni kuziba chanzo, yaani kamera yenyewe isiandike mahali. Katika simu za Android, fungua kamera, ingia katika mipangilio yake, kisha uzime "Location tags" au "Save location". Jina hutofautiana kwa aina ya simu, lakini tafuta neno "Location". Katika iPhone, ingia "Settings", kisha "Privacy & Security", kisha "Location Services", chagua "Camera" na uweke "Never". Ramani na huduma za usafiri zitaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwani umeizuia kamera peke yake.

Jambo la kuzingatia ni kuwa hatua hii haigusi video za zamani. Zilizorekodiwa kabla zitabaki na mahali pake. Mwenye iPhone, anapotaka kutuma, abonyeze kitufe cha kushiriki, kisha "Options" juu ya skrini, na azime "Location". Anayeshughulika na video nyingi, kama makatibu wenzetu wa kamati na walimu wa madrasa, anaweza kutumia programu ya bure ya FFmpeg katika kompyuta:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -map_metadata -1 -c copy safi.mp4
ffprobe safi.mp4
```

Amri ya kwanza inatengeneza nakala isiyo na maandishi yale, bila kubana video upya, hivyo ubora haupungui. Amri ya pili inaonesha yaliyobaki ndani ya nakala hiyo. Mstari wa "location" ukikosekana, kazi imetimia. Hakikisha unapakia faili jipya, kwani la asili bado lina kila kitu.

Kutokana na yaliyotokea, kamati yetu imebadilisha utaratibu. Mzazi hutuma kwa katibu mmoja tu, katibu husafisha, mjumbe wa pili hukagua, ndipo video ipakiwe.

Pamoja na hayo yote, amri ya kompyuta husafisha maandishi tu. Haisafishi picha wala sauti. Tulipozirudia video zile, moja ilionesha nambari ya mita ya umeme ukutani, nyingine kibao cha duka la jirani kupitia dirishani. Katika ya tatu mtoto alikatizwa na adhana, na tuliitambua mara moja sauti ya muadhini, tukajua nyumba ile iko karibu na msikiti gani. Basi kabla ya kurekodi, mweke mtoto mbele ya ukuta mtupu, funga dirisha, na ngoja adhana iishe. Video ikishakamilika, itazame na kuisikiliza mara moja kwa jicho na sikio la mtu asiyepaswa kujua unapoishi.